Bisibisi ya torki: ipime upande inaofanyia kazi, na usiiharakishe

Bisibisi ileile, juu ya kipima torki kilekile, inaweza kufaulu na kufeli ndani ya dakika tano. Kinachobadilika ni mkono wa anayepima.

Chukulia bisibisi yenye skeli ya 0.5 hadi 2.5 N·m, inayokaza skrubu za terminali kwenye paneli za umeme. Umeiweka 1.5. Ukiikaza taratibu, kipima torki kinaonyesha 1.47, 1.49, 1.48, 1.50 na 1.49. Ukiizungusha kwa nguvu ya ghafla, unaweza kupata 1.60 na 1.63. Kiwango cha ISO 6789 kinaruhusu bisibisi ya aina hii ikosee asilimia 6 juu au chini. Kosa hupatikana hivi: chukua 1.5 uliyoweka, toa kilichosomwa, kisha gawa kwa kilichosomwa. Kwa 1.47 kosa ni kama asilimia 2, kwa 1.63 linakaribia asilimia 8. Kwa vitendo, usomaji wowote kati ya 1.42 na 1.59 unakubalika, na mkono wa haraka umeshatoka nje.

Sababu iko ndani ya klachi, sehemu inayokata nguvu ya kuzungusha ikifika kiwango ulichoweka. Springi inasukuma gololi au meno yaliyochongwa mteremko, na torki ikifika kiwango, meno yanapanda mteremko na kuachia. Kupanda huko kunachukua muda. Ukizungusha kwa kasi, mkono na mpini vinaendelea kusukuma wakati klachi bado inaachia, na sensa ya kipima torki inarekodi ile ziada. Skrubu nayo inaipokea. Jambo hili huonekana zaidi kwenye torki ndogo, kwa kuwa uzito wa mpini na mkono ni mkubwa ukilinganisha na kinachopimwa.

Basi fika haraka kiasi hadi asilimia 80 ya torki uliyoweka, yaani 1.2 kwa mfano wetu, kisha malizia kwa mwendo tulivu usiokatika. Sehemu hiyo ya mwisho isipungue nusu sekunde. Kuvutavuta kwa sekunde nyingi nako si kuzuri: mkono unatetemeka, klachi inakwama na kujiachia kwa hatua, na namba zinatawanyika. Shika bisibisi wima, kwa sababu ukiinamisha, biti inabana pembeni na msuguano wake unaingia kwenye usomaji.

Kabla ya kuandika namba yoyote, iachie klachi mara tano kwenye torki ya juu kabisa ya skeli, upande uleule wa kuzungusha utakaopima. Bisibisi iliyolala kabatini huwa na grisi iliyotuama, na mara ya kwanza kuachia mara nyingi husoma juu. Baada ya hapo rudisha kipima torki kwenye sifuri, pima mara tano kwenye asilimia 20, kisha 60, kisha 100 ya uwezo wake: hapa ni 0.5, 1.5 na 2.5. Kila unapoweka kiwango, kifikie ukitokea chini. Ukiwa umepita, shuka vizuri kisha panda tena, maana springi na nyuzi za skrubu ya kurekebishia hazitulii mahali pamoja ukitokea juu.

Sasa upande. Klachi nyingi zimechongwa mteremko wa kuachia kwa upande wa kukaza tu. Upande wa kulegeza ni ukuta, kwa hiyo haiachii kabisa. Ukiilazimisha unaharibu meno na biti, na ndiyo maana hatushauri kamwe kufungulia skrubu iliyokwama kwa bisibisi ya torki. Ziko zinazoachia pande zote mbili, lakini nyuso zinazosuguana upande mmoja si zile za upande wa pili, na zinachakaa tofauti. Matokeo ya kulia hayasemi lolote kuhusu kushoto. Kama kazi yako ina skrubu za nyuzi za kushoto, dai ugezi, yaani upimaji wa usahihi, wa pande zote mbili, na hakikisha sensa ya anayepima nayo ina cheti cha upande huo. Ukigeuza upande katikati ya kazi, fanya tena yale maandalizi ya mara tano.

Ukiona usomaji wa kwanza uko juu na unaofuata unashuka kila mara, shuku grisi. Zote zikiwa chini kwa kiasi kinachofanana, springi imechoka au skeli imehama, na hilo hurekebishika. Zikitawanyika ovyo hata kwa mkono mtulivu, meno ya klachi yameliwa. Hapo kusogeza skeli hakusaidii, fungua klachi au nunua nyingine.

Ukipokea cheti cha ugezi, tafuta mambo mawili kabla ya kusoma safu za namba: upande uliopimwa, na kama bisibisi ilipimwa kwa mashine au kwa mkono. Kama upande haukutajwa, kirudishe uulize.