Niliamka saa mbili, mwalimu akasoma saa nane usiku

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mwanza, anayejiandaa na HSK 5, mtihani wa Kichina wa ngazi ya tano, alinitumia shajara yake ya wikiendi nimsahihishie. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii:

我起床早上两点星期六。

Nilicheka peke yangu kwenye daladala, kisha kicheko kikakata ghafla. Sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, na ikasomwa kwa sauti mbele ya darasa zima.

Nilikuwa najiona moto wa kuotea mbali wakati ule. Nilikuwa na daftari la maneno nililolichakaza na nilikuwa nimeshafaulu HSK 4. Mwalimu akaagiza tuandike shajara fupi ya wikiendi, herufi kama 80, kwa sababu katika mtihani wa HSK 5 niliofanya mimi maswali mawili ya mwisho, la 99 na la 100, yanataka insha ya urefu huo. La 99 unapewa maneno matano ya kuyatumia, la 100 unapewa picha. Na kwa sehemu nzima ya kuandika, pamoja na sentensi nane za kupanga, una dakika 40 tu. Ukiwa na kiunzi cha "nilifanya hiki, kisha kile, ndipo likatokea hili" tayari kichwani, umeokoa muda mwingi.

Mwalimu alisimama na karatasi yangu akauliza, "Wewe Jumamosi unaamka saa nane usiku kufanya nini?" Watu wakaangua kicheko. Mpaka leo kuna rafiki yangu mmoja akinipigia simu huanza na "两点". Mimi nilimaanisha saa mbili asubuhi, jamani! Ila Mchina hahesabu saa kuanzia jua linapochomoza kama sisi. Saa yake ni ile ile iliyoandikwa kwenye simu yako. Saa mbili asubuhi ni 八点, na 两点 ni saa nane, ya mchana au ya usiku. Aliyelelewa kwa saa ya Kiswahili ni lazima aongeze au aondoe sita kila anapoandika, na akiwa na haraka husahau. Dawa yangu ni ya kitoto: kabla ya kuandika saa yoyote naichungulia simu, na siku ya mtihani naandika pembeni ya karatasi ya maswali "2=8, 8=2".

Kosa la pili ndani ya sentensi ile ile ni mpangilio. Sisi tunasema "niliamka saa mbili asubuhi siku ya Jumamosi": kitendo kwanza, halafu muda, tena kuanzia mdogo kwenda mkubwa. Kichina kinageuza vyote viwili. Muda hutangulia kitenzi, na huanzia mkubwa kushuka mpaka mdogo: siku, kipindi cha siku, kisha saa. Kwa hiyo 星期六早上八点我起床, au 我星期六早上八点起床. Mtendaji anaweza kukaa kabla au baada ya muda. Kitenzi lazima kingoje.

Nilipolijua hilo nikajiona nimemaliza, nikaanza kusukuma kila chenye harufu ya muda mbele ya kitenzi. Nikitaka kusema nilisubiri gari saa nzima, nikaandika 我一个小时等了车, nikapigwa wino mwekundu tena. Kumbe muda ni wa aina mbili. Ukijibu "lini?", unakaa mbele ya kitenzi. Ukijibu "kwa muda gani?", unakaa nyuma yake: 我等了一个小时. Jiulize swali hilo dogo, na makosa mengi yatajiondoa yenyewe.

Sasa viunganishi, ambako ndiko nilikoumia zaidi. Neno letu "na" linaunganisha vitu, linaunganisha na vitendo. Nikadhani 和 ni "na", na kwa "nilifua na nikaenda sokoni" nikaandika 我洗了衣服和我去了市场. Sivyo. 和 inaunga majina, kama mama na mimi, 妈妈和我. Sentensi mbili zinazofuatana zinaungwa na 先……然后……, kwanza hiki, kisha kile. Halafu "baada ya". Kwetu inatangulia: baada ya kununua mboga. Kwao 以后 inafunga mlango kwa nyuma: 买完菜以后. Vivyo hivyo 的时候, "wakati wa". Ukiandika 以后买菜, msomaji anaelewa kwamba siku za usoni utanunua mboga.

Shajara niliyomwandikia yule dada kama mfano ni hii, naiweka yote:

2025年5月18日 星期日 雨

昨天早上八点我就起床了。我先洗衣服，然后陪妈妈去市场买菜。买完菜以后，突然下起了大雨，我们等了一个小时才坐上车。虽然衣服都湿了，但是我们聊得很开心。今天因为要复习，所以我哪儿也没去。

Yaani: jana saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshaamka, nikafua kwanza, kisha nikamsindikiza mama sokoni, tulipomaliza kununua mboga mvua kubwa ikashuka ghafla, tukasubiri saa nzima ndipo tukapata gari, nguo zililoa zote lakini tulipiga soga tukafurahi, leo sikwenda popote kwa sababu ilibidi nidurusu. Bila mstari wa tarehe ni miraba 91 ya karatasi ya insha, kila herufi na mraba wake, maana kila alama ya kituo nayo kwa kawaida inakula mraba wake. Mstari wa tarehe, siku na hali ya hewa ni desturi ya shajara; kwenye swali la mtihani niliuacha, nikaanza na miraba miwili mitupu ya aya.

Tazama 就 na 才. Vineno vidogo, lakini ndivyo vinavyoonyesha kwamba anayeandika ana hisia. 就 inasema mapema kuliko ulivyotarajia, 才 inasema kwa kuchelewa, baada ya taabu. Na vyote viwili hukaa baada ya mtendaji, jirani na kitenzi. Ukiandika 就我起床了 umeshaharibu. Tazama pia kwamba 虽然 imekuja na 但是 yake, 因为 na 所以 yake. Mimi nilikuwa naandika 虽然 halafu nasahau nusu ya pili, kwa sababu kwetu "ingawa" inajitosheleza.

Jambo jingine: sikuweka 了 kwenye 洗衣服. Wengi wetu tunaifanya 了 kuwa "-li-" na kuibandika kila mahali, hata kwenye "nilifurahi", tukaandika 我昨天很高兴了. Acheni. Siku nzima ya jana imeshatajwa mwanzoni, msomaji anajua.

Mara ya kwanza nilipata 48 kwenye kuandika, nikaficha matokeo hata nyumbani. Mara ya pili nikapata 71. Katikati kulikuwa na shajara kila Jumapili usiku, hata wikiendi ambazo hazikuwa na lolote la kusimulia. Sasa nawaona watu wanakariri insha za mtandaoni kuhusu kupanda milima ya Beijing, mtu hajawahi hata kufika Pugu. Andika ulichokifanya! Ukifua, andika umefua. Picha ya swali la 100 ikija na mtu anayesubiri basi kwenye mvua, utakuwa umeshasubiri mara kumi kwa Kichina.

Jana usiku yule dada alinirudishia toleo jipya. 星期六早上八点, safi kabisa. 先 na 然后 ziko mahali pake. Mstari wa tatu: 我两个小时看了电视.

Nikamwandikia: "Umeangalia lini, au kwa muda gani?"

Kikapita kimya kirefu, kisha: "Aaah. Ngoja kaka, nafuta."