Kabla hujamwambia "saranghae", hesabu kwanza mwaka wake wa kuzaliwa

Juzi kuna kijana wa Mwanza kanitumia meseji, anachati na dada mmoja wa Kikorea miezi minne sasa, dada kamzidi miaka miwili, na amefika pale ambapo moyo umejaa anataka kusema. Kaniuliza kaka, nakupenda ya Kikorea niandike "saranghae" au "saranghaeyo"? Afu chini akabandika alichokuwa ameshakiandaa: "Nuna, jeo nuna joahaseyo." Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana mimi yalinikuta makubwa kuliko hayo na sijawahi kuyaandika popote.

Wengi wenu mnaosoma hapa najua mnajifunza Kikorea na msijifanye ni kwa ajili ya kazi tu. Sasa sikilizeni.

Nilikuwa Daejeon, Korea Kusini, nasoma masters, nina miaka 27. Kwenye maabara yetu kulikuwa na dada wa miaka 29, aliyenitangulia chuoni, kwa hiyo mwanzoni nilimwita "seonbaenim", yaani mkubwa wangu wa masomo, na kila sentensi nikamalizia na "-yo". Kikorea kitenzi kinakaa mwisho, na heshima inaning'inia pale pale mwishoni, so mtu anakusikiliza mpaka silabi ya mwisho ndo anajua umemuweka wapi. "Joahaeyo" ni nakupenda ya kistaarabu, ya kila siku. "Joahae", bila "yo", ni ya marafiki wa rika moja, au mkubwa kwa mdogo, ndo inaitwa banmal. Afu kuna "joahamnida", hii ya "-mnida" ndo lugha ya taarifa ya habari, jeshini, na matangazo ya kwenye treni.

Baada ya miezi kama mitatu akaniambia niache hayo ya seonbaenim, nimwite nuna, dada mkubwa, neno ambalo mwanaume tu ndo anamwitia mwanamke aliyemzidi. Na yeye akaomba kushusha lugha, "mal nwado dwaeyo?", nikasema ndio. Kuanzia hapo yeye ananiongelesha banmal, mimi namjibu kwa "-yo". Mtu wa nje angeona kama dharau vile, kumbe ndo ukaribu wenyewe, kama shangazi anavyokuita "we mtoto" na wewe unamjibu abee. Mambo yalikuwa mazuri jamani. Ananiletea kahawa, ananirekebisha matamshi, tunarudi pamoja mpaka kituo cha basi.

Sasa mimi tamthilia zimeniharibu. Nilikuwa nimeona mara nyingi kijana mdogo anamgeukia dada mkubwa, anaacha kumwita nuna, anamwita "neo", yaani "wewe" ya rika, na muziki unapanda na dada anayeyuka. Nikajisemea na mimi nitafanya hivyo. Siku moja tumetoka kula na timu nzima, tumekaa nje ya duka la usiku na maji ya kopo mkononi, nikakaza roho nikasema: "Nuna, na neo saranghae."

Ihesabuni wenyewe hiyo sentensi. "Na" ni mimi ya kawaida, mtu wa chini yake nilitakiwa kusema "jeo", mimi ya kujishusha. "Neo" ni wewe ambayo haisemwi kwa mkubwa hata siku moja, halafu nimeiweka bega kwa bega na "nuna", kama kumwambia mtu shikamoo we mshkaji. Na "saranghae" haina "yo". Ni kumshusha mara tatu kwenye maneno manne. Na hata neno lenyewe lilikuwa zito, Wakorea wakifanya gobaek, ndo wanavyoita kule kumwambia mtu kwa mara ya kwanza, wanatumia joahada, kupenda kwa maana ya kuvutiwa. Sarang wengi wanaiweka kwa baadaye wakishakuwa wapenzi.

Hakunitukana. Akanyamaza kidogo afu akasema, "Mworaguyo?" Umesemaje? Na ile "yo" mwishoni, ambayo alikuwa hajanitumia miezi na miezi. Kisha akaendelea: Saidi-ssi, umechoka, twende nyumbani. Saidi-ssi, kama bwana Saidi! Mimi niliyekuwa naitwa Saidi-ya, ya watu wa karibu. Wallahi mpaka leo nikikumbuka hiyo "ssi" tumbo linanikata, maana sikukataliwa kwa neno la kukataa, nilikataliwa kwa adabu, alipanda ngazi akaniacha chini. Hajawahi kurudi kwenye banmal na mimi mpaka nimemaliza masomo.

Mkorea mmoja, mwenzangu wa maabara, ndo alikuja kunifungua macho, kuwa zile "yo" hazipimi heshima peke yake, zinapima umbali. Kupanda ngazi ghafla na mtu uliyemzoea ni kumsogeza mbali, na kushuka bila kuruhusiwa ni kumuingilia chumbani. Yule kijana wa tamthilia anaposema "neo" watazamaji washajua dada anampenda tangu episodi ya nne. Mimi nani aliniambia?

Kwa hiyo mdogo wangu wa Mwanza, wewe umekosea upande wa pili. Umeona heshima ni nzuri basi ukaimwaga yote, ukaweka "-seyo". Lakini ndani ya "-seyo" kuna "-si-", na hiyo inamkweza yule anayetenda kitendo, siyo yule unayeongea naye. Kwenye "nakupenda" anayependa ni nani? Wewe. Kwa hiyo umejiamkia mwenyewe shikamoo. Ukimuuliza yeye anapenda nini hapo sawa, "mwo joahaseyo?", mtendaji ni yeye. Ukijisema wewe, "-si-" weka pembeni kabisa.

Andika hivi: "Nuna, jeo nuna joahaeyo." Basi. Usimwite "dangsin" hata kama kamusi inakwambia ni "wewe" ya heshima, hiyo wanaambiana mke na mume, au watu wanaogombana barabarani. Mwite nuna, au jina na ssi kama hajakuruhusu nuna. Ukitaka kuuliza kabisa, "jeorang sagwillaeyo?", utakuwa na mimi? Usiandike "sagwija", hiyo ni tuwe pamoja ya rika, inasikika kama umeshaamua peke yako. Na "joahamnida" siikatazi, wapo wanaoisema kwenye gobaek na inagusa kwa sababu ni ya dhati na rasmi, ila kwa mtu mnayetumiana vibonzo vya paka kila asubuhi ataona umevaa suti ghafla.

Yaani sheria yangu ni moja, sema kwenye ngazi ile ile mliyopo leo. Kama ni "-yo" baki kwenye "-yo". Mngekuwa mmezaliwa mwaka mmoja na mmeshakubaliana banmal, "joahae" ingetosha. Kushuka asubiriwe mkubwa aseme. Vijana hamna subira, mnataka kuonekana jasiri, na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Akaniuliza, sasa kaka nitajuaje amekubali? Nikamwambia angalia anavyoitika. Akijibu "ne", ndio ya adabu, mshukuru na uendelee na "-yo" yako taratibu. Akijibu "eung", hiyo ni ndio ya wanaozoeana, na wewe jibu bado kwa "-yo", mpaka aandike mwenyewe "mal pyeonhage hae", ongea tu kwa raha.

Jana usiku kaniandikia kuwa ametuma. Dada kasoma, hajajibu bado.