Kuku wa friji, boda kafika, nimpokee vipi?

"Wakuu, nimeanza kazi stoo ya mgahawa Mikocheni. Kuku wakija wamefungwa vizuri na tarehe bado, si nasaini tu?"

Usisaini kwanza mkuu, tarehe kwenye lebo inahesabu kama kuku alikaa kwenye baridi muda wote, na wewe hujui boda alisimama wapi kwenye foleni ya Mwenge. Chukua kipimajoto, futa ncha kwa spiriti, halafu usichome mfuko maana ukiutoboa umeharibu mzigo wa watu, we bana ile ncha katikati ya mifuko miwili iliyogusana, subiri namba itulie. Kuku wa baridi asizidi 5°C. Pima wa katikati ya boksi na wa juu pia, wa juu ndo anapataga joto kwanza.

Wiki iliyopita nililetewa 10, tarehe ilibaki siku tatu, mifuko safi kabisa, wa juu akasoma 9 na wa katikati 8. Dereva akasema weka tu friji itapoa. Itapoa kweli, ila bakteria walioshazaliana hawapungui, nikaandika joto na saa kwenye risiti tukasaini wote, mzigo ukarudi.

Wa kugandishwa wawe wagumu kama jiwe, -18. Ukiona barafu nyekundu imeganda kwenye kona ya mfuko, huyo aliyeyuka akagandishwa tena, rudisha. Samaki wa Feri akija bila barafu, funua mashavu, yakiwa ya kahawia usipokee.