Sema fomu 120 zimekwama, usiseme "changamoto chache"

Ijumaa moja, saa kumi na moja jioni, nilimtumia mkuu wangu wa idara ripoti ya wiki nikafunga kompyuta. Sijafika hata mlangoni, simu ikaita.

"Nimesoma ripoti yako mara mbili," akasema. "Sasa niambie, kazi imeisha au haijaisha?"

Sentensi iliyomchanganya nilikuwa nimejivunia kuiandika. Hii hapa:

"Kwa wiki hii zoezi la uhamishaji wa taarifa za wateja kwenda kwenye mfumo mpya limeendelea vizuri licha ya changamoto chache ambazo zinaendelea kufanyiwa kazi, na tunatarajia kulikamilisha hivi karibuni."

Kiofisi imekaa vizuri. Ila hebu itafute kazi yenyewe ndani yake. Nani anafanyia kazi hizo changamoto? Ni zipi? "Hivi karibuni" ni Jumatano au ni mwezi ujao? Mkuu wangu alikuwa na kikao Jumatatu asubuhi, na huko angeulizwa zimebaki fomu ngapi. Alichokuwa nacho mkononi ni neno "vizuri".

Nilirudi kwenye kiti nikaiandika upya. Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba ukungu wa ripoti zetu huingilia sehemu chache tu, na karibu zote ziko kwenye kitenzi.

Anza na "zinaendelea kufanyiwa kazi". Kitenzi cha namna hii kinamficha mtendaji. Ukisoma "suala linashughulikiwa" hujui kama linashughulikiwa na mwandishi, na idara nyingine, au halishughulikiwi na mtu yeyote. Mara nyingi, kusema kweli, ni hilo la tatu. Mimi siku hizi nikijikuta nimeandika "linashughulikiwa" najiuliza: na nani? Nikipata jibu, naandika "Mhasibu anahakiki". Nisipopata, ndiyo nimegundua kwamba kazi haina mwenyewe, na hilo ndilo la kumwambia mkuu.

Halafu kuna "-na-". Kiswahili kinatupa "-me-" na "-ja-", vipande viwili vinavyojibu swali la msimamizi papo hapo: imeingia, haijaingia. Sisi tunakimbilia "inaendelea", kwa sababu "inaendelea" haiwezi kukanushwa. Kazi iliyolala wiki tatu nayo inaendelea. Kwa kila kazi ninayoitaja, nalazimisha sentensi moja yenye "-me-" na idadi, na nyingine yenye "haija-" au "hazija-" na idadi. Kuandika "hazijaingia" kunauma kidogo mara ya kwanza. Utazoea.

"Zoezi la uhamishaji wa" ni mzigo mtupu. Tulihamisha fomu. "Tumehamisha fomu" inatosha.

Sasa kazi yenyewe. Tulikuwa na fomu 900 za karatasi za kuingiza kwenye mfumo. Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu aliyeazimwa kutoka idara nyingine. Mtu mmoja aliingiza kama fomu 24 kwa siku, kwa hiyo wawili tulifika 48. Kufikia Ijumaa hiyo zilikuwa zimeingia 560. Ningeweza kuandika "asilimia 62" na isingekuwa uongo, lakini ingeficha jambo muhimu kuliko yote: zile 340 zilizobaki hazikuwa sawa. Fomu 220 zilikuwa safi, zinasubiri mikono tu. Fomu 120 hazikuwa na sahihi ya mteja, na mfumo ulikataa kuhifadhi fomu isiyo na sahihi hadi mwenye mamlaka aruhusu. Wiki nzima tulikuwa tukizichambua na kuziweka kando, ndiyo maana tuliingiza 96 tu badala ya 240. Hiyo ndiyo "changamoto chache" yangu.

Ripoti ya pili ilikuwa hivi:

"Ripoti ya wiki inayoishia Ijumaa tarehe 14.
Fomu 560 kati ya 900 zimeingia kwenye mfumo. Wiki hii zimeingia 96, kwa sababu tulikuwa tukichambua na kuweka kando fomu zisizo na sahihi.
Fomu 340 hazijaingia. Kati ya hizo, 220 hazina tatizo. Tutaziingiza kufikia Ijumaa tarehe 21.
Fomu 120 hazina sahihi ya mteja. Mfumo unazikataa bila ruhusa yako.
Naomba uamuzi: tuziingize bila sahihi, au tuwaite wateja kwanza?
Nikipata ruhusa kufikia Jumatano tarehe 19, tutaanza fomu hizo Jumatatu tarehe 24 na kumaliza Jumatano tarehe 26.
Mwenzangu anarudi idarani kwake jioni ya tarehe 26. Tukichelewa kuanza, nitabaki peke yangu, na fomu 120 zitanichukua siku 5."

Angalia tarehe. Nimeandika Ijumaa, yeye huenda akasoma Jumatatu. "Wiki ijayo" ya kwangu na ya kwake si moja. Kwa hiyo "kesho", "juzi" na "wiki ijayo" nimevitoa kabisa, naweka siku na tarehe kwa pamoja. Nikikosea kimoja, kingine kitanisuta.

Angalia pia jinsi neno "fomu" linavyorudi. Shuleni tulikatazwa kurudia maneno, lakini kwenye ripoti kurudia ni usalama. Ripoti, kazi, fomu, kompyuta, barua: vyote hivi viko ngeli ya I/ZI. Nikiandika "Fomu imefika na kompyuta imetengenezwa lakini imekwama", kilichokwama ni nini? Kadiri sentensi zinavyokuwa fupi ndivyo hatari hii inavyokua, maana kila sentensi inaanza upya na kiambishi kile kile. Ukiwa na shaka, taja kitu.

Ufupi nao una mpaka wake. Niliwahi kukatakata hadi nikaondoa sababu, nikaandika "Wiki hii zimeingia 96" bila neno la fomu zilizokwama. Msomaji angedhani tulilala. Sentensi inayobeba "kwa sababu" iache iwe ndefu kidogo. Kata pale penye "ambazo" ya pili, au pale "na" inapounganisha kazi mbili zisizohusiana.

Na ombi liwe na alama ya kuuliza. Kwa miaka nilimalizia ripoti na "naomba mwongozo wako", nikingoja majibu ambayo hayakuja. Mtu mwenye barua pepe nyingi hawezi kujibu "mwongozo". Anaweza kujibu hiki au kile.

Mambo ya mtu binafsi siyaweki humo. Mwenzangu akiwa na msiba au akichelewa kazini, ripoti inasema tu siku ngapi tulikuwa mtu mmoja. Mengine nayasema kwa mdomo, mlango umefungwa, kwa kuwa ripoti hutumwa mbele kwa watu nisiowajua.

Jumanne tarehe 18 nilipata jibu la mstari mmoja: "Ziingizwe. Kwenye maelezo andikeni: sahihi inasubiriwa." Ijumaa iliyofuata niliandika kwamba zile 220 zimeingia zote. Na ripoti ya wiki ya mwisho ilisema: "Fomu 117 zisizo na sahihi zimeingia. Fomu 3 hazijaingia, kwa sababu jina la kwenye fomu si jina la kwenye kitambulisho. Nitawapigia wateja hao watatu Jumatatu tarehe 31."