Umefika nne, tano imepotelea wapi?

Nilijaribu meditesheni wiki nzima. Nikifumba macho niache kufikiri, mawazo ndiyo yanajaa. Nadhani kichwa changu hakifai. (Mhasibu, Umoja)

Nani alikuambia uache kufikiri? Akili kazi yake ni kuzurura. Zoezi lenyewe ni kugundua kwamba umeenda, halafu kurudi. Ukirudi mara ishirini ndani ya dakika tano, basi umelifanya mara ishirini.

Kesho asubuhi, kabla hujafungua Whatsapp, tega kengele ya dakika tano na uilaze simu kifudifudi. Keti kwenye kiti cha kawaida, nyayo sakafuni, mgongo wima bila kukakamaa kama askari wa gwaride. Tafuta mahali pamoja ambapo unaisikia pumzi vizuri, iwe ni puani hewa inapoingia ikiwa baridi, au tumboni panapopanda na kushuka. Usiivute kwa nguvu, iache ijiendee. Kila inapotoka, hesabu: moja, mbili, hadi kumi, kisha rudi moja.

Juma lililopita mimi nilifika nne. Tano haikuja, maana tayari nilikuwa nabishana na keateka kuhusu bili ya maji, na nilikuwa nimeshamtungia mpaka majibu yake. Nilipojishtukia nilisema kimoyomoyo "nawaza", nikasikia jinsi taya lilivyokaza, nikalilegeza, nikaanza tena moja. Siku hiyo kumi sikuiona kabisa. Na ukijikuta umefika kumi na saba, ujue mdomo ndio uliokuwa unahesabu, wewe mwenyewe ulikuwa Gikomba unachagua viatu. Usijigombeze. Moja tena.

Naishi Pipeline. Kuanzia alfajiri ni honi, redio ya jirani na watoto kwenye ngazi. Nitapata wapi utulivu? (Mama wa wawili)

Hautaupata, na hauuhitaji. Siku kelele zinapozidi, achana na pumzi, sikiliza kelele zenyewe: honi inaanza, inapanda, inakatika. Utaona kwamba sauti inaisha upesi, lakini ile "huyu dereva hana adabu!" inaendelea dakika nzima baadaye. Hiyo ya pili ndiyo ya kugundua. Watoto wakiamka kabla ya kengele, simama uende. Dakika mbili zimetosha.

Mimi nimeokoka. Hii si dini ya Wabudha imevishwa suti? (Msomaji, Kasarani)

Mizizi yake ni ya Kibudha, sitakuficha. Mwaka 1979 Mmarekani Jon Kabat-Zinn aliichukua akaiingiza hospitalini kule Massachusetts, akawafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu kwa kozi ambayo siku hizi ni ya wiki nane, bila ibada. Kuhesabu pumzi hakukudai umwombe yeyote. Lakini kama dhamiri inakusuta, iache. Hakuna dhambi ya kutohesabu pumzi.

Mtandaoni wanasema inaponya kila kitu. Ukweli ni upi, na nitasubiri muda gani? (Fundi simu, Luthuli)

Ukweli ni mdogo kuliko matangazo. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walikusanya majaribio 47 yenye watu zaidi ya 3,500. Waliona programu za meditesheni zinapunguza wasiwasi, huzuni na maumivu kwa kiasi, wala si kwa kishindo. Hawakupata ushahidi kwamba zinashinda mazoezi ya mwili au dawa. Tena ile kozi ya wiki nane huwa na takriban dakika 45 za nyumbani kila siku, kwa hiyo dakika zako tano usizidai matokeo yale yale.

Mimi ningekuambia ujipe wiki nane, na usipime kwa kuuliza kama umetulia pale kitini. Pima kazini. Mteja anarudisha simu uliyobadilisha kioo, anafoka mbele ya watu. Zamani ulijua umekasirika baada ya kujibu. Siku utakayosikia masikio yanapata moto kabla mdomo haujafunguka, kitu kimesogea. Hasira bado utakuwa nayo, ila utakuwa umeiona ikija.

Nikifuata pumzi kifua kinabana na moyo unaenda mbio. Nivumilie? (Mwanafunzi, Ngara)

La. Kwa wengine, hasa waliowahi kushikwa na hofu ya ghafla, kuikazia pumzi macho kunaichochea hofu yenyewe. Fumbua macho, hamishia umakini kwenye nyayo: uzito, ubaridi wa sakafu, soksi. Au tembea polepole chumbani ukihisi kila hatua. Ikiendelea, acha zoezi kabisa. Kama kumbukumbu za jambo baya ulilopitia zinakurudia, zungumza na mshauri nasaha kabla ya kujaribu tena, na kama unatumia dawa za daktari, usizikatize kwa sababu ya safu hii. Kifua kikibana hata nje ya zoezi, nenda hospitali kikapimwe.