Jibu: Fomu, namba za dharura na nafasi 14 za Sagana

Swali: "Wakuu, ofisini tunapanga kwenda Sagana kuteremka mto kwa boti za mpira. Nafasi ni 14 na waliosema watakuja wamepita 30. Nitakusanyaje fomu za kukubali hatari na namba za dharura bila watu kukalia nafasi ambazo hawajalipia?"

Mkuu, kundi la WhatsApp ndilo litakalokuchosha. Mtu akishaandika "nipo" anajihesabu ameingia, halafu kazi yako inakuwa kumfuata kwenye korido hadi siku ya safari. Tangaza mapema, tena mara moja, kwamba nafasi ni ya aliyemaliza mambo mawili: amejaza fomu yake mpaka mwisho na pesa yake imeingia. Foleni ihesabiwe kwa lile lililochelewa. Aliyejaza Jumatatu akalipa Jumatano ni wa Jumatano, na aliyelipa Jumatatu akakaa na fomu hadi Alhamisi ni wa Alhamisi. Utashangaa fomu zinavyorudi upesi watu wakijua hivyo.

Kabla ya hapo, waulize wenye boti nafasi hizo 14 zimehesabiwaje. Kama ni boti mbili za watu saba, je, mwongozaji yumo ndani ya hao saba au ni wa nane? Nimeona kundi likifika mtoni na watu wawili wa ziada kwa sababu ya swali hilo tu. Wewe mwandaaji nawe, kama utaingia mtoni, umeshakula nafasi moja.

Mimi hutumia fomu ya Google inayomwaga majibu kwenye jedwali. Naongeza safu moja upande wa kulia, tuseme H, na ninaandika KAMILI kwa mkono nikishahakikisha fomu na malipo. Kisha kwenye seli ya pembeni:

```
=14-COUNTIF(H2:H60,"KAMILI")
```

Hiyo inakwambia zimebaki ngapi. Usitumie idadi ya fomu zilizoingia kama hesabu ya nafasi, maana wapo watakaojaza mara mbili na wapo watakaojaza wasilipe. Ikifika sifuri, acha kutoa namba ya kulipia. Wanaofuata wajaze fomu na wakae akiba bila kulipa, na nafasi ikipatikana mpe wa kwanza muda hadi jioni ya kesho yake. Akinyamaza, nenda kwa anayefuata. Kurudisha pesa ya M-Pesa ya mtu wa akiba ni ugomvi usio na sababu.

Sasa jambo ambalo huwakamata wengi. Atatokea mtu mmoja mkarimu, alipie watu wanne kwa muamala mmoja, kisha ajaze fomu nne akiwa amekaa na chai yake. Pesa pokea, ila fomu hapana. Mtu mzima hakubali hatari kwa mdomo wa mwenzake, na rafiki hajui kwamba mwenzake aliwahi kuteguka bega au ana pumu ya kuamshwa na maji baridi. Kwenye fomu weka sehemu ya namba ya muamala wa M-Pesa. Namba moja ya muamala ikijirudia kwenye fomu nne si kosa, lakini kila fomu itoke kwenye simu ya mwenyewe na kila mmoja ajibu mwenyewe. Uliza tarehe ya kuzaliwa pia. Ukiuliza tu "Je, umefika miaka 18?" kila mtu atajibu ndiyo, akiwemo mdogo wa mtu aliyemaliza kidato cha nne juzi. Huyo akijitokeza, mwambie aliyemleta wazi kwamba safari hii ni ya watu wazima.

Hali ni hiyo hiyo mtu akijitoa Ijumaa jioni na kusema "nimempa kaka yangu nafasi yangu". Nafasi anaweza kuachia, fomu haiachiwi. Kaka ajaze yake, na kama kuna watu wa akiba, uamuzi ni wako, si wake.

Kuhusu maneno ya fomu yenyewe, usijitungie sheria. Kampuni za mtoni huwa na fomu zao, na mtazisaini kabla ya kuvaa jaketi za kuokolea na helmeti. Iombe mapema, uitume kwenye kundi siku kadhaa kabla, ili mtu asiisome kwa mara ya kwanza akiwa ukingoni, ameshalipa, na wenzake wanamngoja. Fomu yako iongeze yale ambayo yao haiulizi. Iseme kwa Kiswahili cha kawaida kwamba boti inaweza kupinduka, kwamba mtu atameza maji na anaweza kugonga mwamba, na kwamba akisema hawezi ataachwa ukingoni bila maneno. Usidhani saini hiyo inaufunika uzembe wa mtu yeyote, wa kampuni wala wako. Kazi yake ni kuonyesha kwamba mtu alielezwa akaelewa.

Namba za dharura ndizo nitakazokaa nazo kidogo. Safari moja nilikwenda kama abiria tu, waandaaji wakiwa wengine, na dada mmoja akateguka bega boti ilipopinduka. Kwenye orodha, mtu wake wa dharura alikuwa mumewe. Mume alikuwa kwenye boti ya pili, amelowa mpaka kichwani, na simu yake imefungiwa kwenye matatu pamoja na za wengine wote. Kwa hiyo sharti la kwanza: mtu wa dharura asiwe kwenye safari hiyo hiyo. La pili, awe amearifiwa. Siku mbili kabla, mimi humtumia kila mmoja ujumbe mfupi: "Habari, mimi ni fulani. Jumamosi nitakuwa Sagana na ndugu yako fulani. Amekuandika kama mtu wa kupigiwa kukitokea jambo. Tafadhali jibu NDIYO." Asiyejibu hupigiwa simu. Hapo ndipo hugundulika namba iliyokosewa tarakimu moja, au laini iliyozimika zamani. Angalizo dogo: jedwali linaweza kula sifuri ya mwanzo ya namba ya simu. Chagua safu hiyo, kisha Format > Number > Plain text, kabla majibu hayajaanza kuingia.

Uliza pia bima, iwe SHA au ya kazini, pamoja na namba ya uanachama, dawa anazotumia, na kama kuna dawa lazima iwe karibu, iko mfuko gani. "Kipuliza cha pumu kipo kwenye mfuko mwekundu" ni jibu linalomsaidia mtu aliye ukingoni kuliko neno "pumu" peke yake. Yenye kumhusu mwongozaji, kama bega, kifafa, mimba au kutojua kuogelea, umwambie pembeni kabla ya kugawa watu kwenye boti.

Chapisha orodha nakala mbili. Moja ikae kwenye mfuko usiopitisha maji kwa mwongozaji, nyingine kwa mtu anayebaki nchi kavu, mara nyingi dereva wa matatu, akiwa na simu yenye chaji. Orodha iliyo kwenye simu yako haina faida ukiwa majini. Na usiirushe kwenye kundi. Habari za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ofisini huwezi kujua nani angependa kujua nani ana mimba. Mkirudi salama, chana nakala zote mbili na ufute safu za afya kwenye jedwali. Fomu zilizosainiwa zibaki kwa kampuni. Kama mtu aliumia, yake usiiguse mpaka mambo ya bima yaishe.