Karatasi ya mikarafuu: namna nilivyoandika maelezo binafsi ya kuombea nafasi ya sheria

Rasimu yangu ya kwanza ya maelezo binafsi ilianza kwa kusema kwamba tangu utotoni nimekuwa nikichukia dhuluma na kupenda haki. Mwalimu wangu wa sekondari hapa Wete aliisoma, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, unamjua nani anayependa dhuluma?" Sikuwa na jawabu, na tangu hapo nimewasomea vijana wengi wa Unguja na Pemba maelezo yao, na karibu wote huanzia pale pale nilipoanzia mimi.

Nilikuwa naomba shahada ya kwanza ya sheria Uingereza, ambako maombi hupitia UCAS, chombo kinachopokea maombi ya vyuo vikuu, na mwombaji hupewa herufi 4,000 tu za maelezo yake, zikihesabiwa pamoja na nafasi na alama. Wakati wangu yalikuwa maelezo ya mfululizo. Kwa wanaoanza masomo kuanzia mwaka 2026 yamegawanywa katika maswali matatu, lakini nafasi ni ile ile, na haitoshi kusimulia maisha mazima. Hivyo nikachagua jambo moja lililotokea nyumbani kwetu.

Ami yangu alikuwa amemkodisha jirani mikarafuu kumi na miwili, na wakaandikiana kwenye karatasi ya daftari kwamba amekodi "kwa msimu mmoja." Mwaka ule mikarafuu haikuzaa kitu cha maana. Mwaka uliofuata ilijaa matumba, na jirani akaja na wachumaji wake akidai kwamba msimu wake bado haujapita, kwa kuwa msimu ni karafuu na si miezi. Ami alisema msimu ni msimu, uwe na neema au usiwe nayo. Sheha akanipa karatasi niwasomee wazee.

Kisa chenyewe kilichukua robo tu ya maelezo yangu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, maana husimulia ugomvi mpaka mwisho kisha wakaongeza kwamba tukio hilo liliwafundisha thamani ya haki. Anayesoma maombi anataka kuona ulivyofikiri. Kwa hiyo niliandika kwanza kwamba nilielemea upande wa ami kwa sababu ni ami yangu, na kwamba sababu hiyo haikuwa na uzito wowote. Neno "msimu" peke yake lisingeweza kuamua, kwani kijijini kwetu hutumika kwa maana zote mbili. Nikauliza fedha zililipwa lini. Zililipwa kabla ya matumba kuonekana, na zilikuwa karibu nusu ya kiasi walichotoa watu wengine waliokodi mikarafuu ya karibu na ile baada ya matumba kutoka. Nikaona kwamba ule unafuu wa bei ndio uliokuwa malipo ya hatari ya kukosa, na aliyekwishanufaika na unafuu huo hawezi tena kuirudisha hatari kwa mwenye mikarafuu.

Lakini palikuwa na jambo lililonipinga, nami sikulificha. Baada ya mavuno kukosekana, jirani aliendelea kupalilia chini ya mikarafuu ile, na ami alimwona akanyamaza. Niliandika kwamba kupalilia huko hakukunibadilisha rai kuhusu mavuno, ila kulinifanya niamini kwamba jirani alistahili kulipwa kazi yake; na kwamba lau angelipa bei kamili, ningemwachia mavuno yote. Sentensi hiyo ya "lau" ndiyo ninayoithamini zaidi katika maelezo yale, kwa sababu inaonyesha rai yangu ilisimama juu ya jambo gani hasa. Wazee waliamua vingine: walimpa jirani mikarafuu minne. Niliyaandika hayo pia, kwani maelezo hayahitaji kumalizika kwa mwandishi kushinda.

Ukitaka kuipima rasimu yako, chukua kalamu upigie mstari kila sentensi yenye "kwa sababu," "lakini," au "lau." Zikiwa mbili au tatu katika maelezo yote, bado unasimulia. Usiongeze istilahi za sheria ulizozisoma baadaye ukajifanya ulizijua siku ile, maana msomaji anayezifundisha atalitambua hilo mara moja. Majina ya watu nayo yaache, hata kama kijiji kizima kinaujua ugomvi wao. Na usichague kesi kubwa uliyoisikia redioni, kwani humo huna uamuzi wowote ulioufanya wewe.

Sababu ya kutaka kusoma sheria niliiweka mwisho, nayo ilitoka ndani ya kisa kile kile: nilitaka kujua kama kunyamaza kwa ami alipomwona jirani akipalilia kunaweza kubadilisha makubaliano yaliyokwisha kuandikwa, na kama kunaweza, kunyamaza kwa muda gani.